Simu Haishiki Ndani ya Nyumba: Kupiga kwa Waifai na Kuchagua Aina ya Mtandao kwa Walio Mtwara na Lindi

Swali huja kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile: "Simu yangu inaonyesha 4G, vijiti viwili, ila anayenipigia anaambiwa sipatikani. Nikitoka barazani, meseji zinaingia zote kwa mpigo." Anayeuliza anaweza kuwa Mikindani kwenye nyumba ya zamani ya mawe, Chikongola kwenye nyumba ya tofali za saruji na bati, au Newala ndani ya ghala la korosho. Kinachomsumbua ni kimoja, na mara nyingi kinatibika bila kununua simu mpya.

Mwongozo huu unahusu kupatikana kwa simu ya kawaida ukiwa ndani, yaani mtu apige namba yako na simu iite. Kasi ya intaneti ni habari nyingine, na utaona hapa chini kwamba mpangilio unaofaa kwa intaneti ndio huo huo unaoweza kukukosesha simu.

Kwa nini 4G ipo na simu haiingii

Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya data. Sauti hupita humo pale tu ambapo simu, laini na kampuni ya mtandao vyote vimeruhusu huduma inayoonekana kwenye skrini kwa jina la VoLTE. Isiporuhusiwa, kila simu inapoingia mnara huiambia simu yako ishuke kwenye 3G au 2G ikapokelee huko. Kushuka huko huchukua sekunde kadhaa. Ikiwa 3G haifiki chumbani, simu yako inatafuta, muda unakwisha, na mpigaji anaambiwa hupatikani. Vijiti vya 4G ulivyokuwa unavitazama havikuwa na kazi yoyote katika safari hiyo.

Bati na nondo za madirishani huzidisha shida. Bati halipitishi mawimbi ya simu, linayarudisha. Ndani ya nyumba ya bati mawimbi huingia kwa madirisha, milango na kupenya ukutani. Ukuta wa mawe na chokaa wa nyumba za kale za Mikindani au Kilwa ni mnene, nao hula sehemu kubwa ya kinachobaki. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 900 MHz yanayobeba 2G, hupenya ukuta vizuri kuliko ya 2100 MHz ambayo 3G hutumia mara nyingi. Nadharia tunayoihitaji ni hiyo tu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Simu yako ikiwa na chaji, na programu yake imesasishwa. Kipengele cha simu za waifai mara nyingi huja au hurekebishwa kwa sasisho.
- Simu ya pili, ya mtu wa nyumbani au jirani, ya kukupigia wakati wa majaribio.
- Karatasi na kalamu. Utaandika namba za vyumba vitatu, na ukizitegemea kichwani utazichanganya.
- Waifai yoyote: ruta ya faiba, ruta ya laini, au hotspoti ya simu nyingine.
- Salio kidogo la dakika kwenye laini unayoijaribu.
- Jibu la huduma kwa wateja. Piga 100 uulize maswali mawili kwa maneno haya haya: "Laini yangu imewezeshwa VoLTE? Imewezeshwa kupiga simu kwa waifai?" Uliza pia kama dakika za bando lako hutumika unapopiga kwa waifai. Piga hiyo simu ukiwa nje, mahali mtandao umekaa vizuri.

Ukiambiwa laini yako ni ya zamani na haikubali 4G, nenda duka la mtandao wako ukabadilishiwe kadi kwa namba ile ile. Utahitaji namba yako ya NIDA na alama ya kidole.

Hatua

1. Pima sehemu tatu, usihesabu vijiti. Vijiti kila kampuni ya simu huvichora inavyotaka. Namba ya kweli inaitwa dBm. Kwenye Android ingia Settings, About phone, kisha SIM status. Kwenye Samsung ni About phone, Status information, SIM card status. Tafuta Signal strength. Kwenye iPhone piga namba hii kama unavyopiga simu, kisha tafuta RSRP:

```
*3001#12345#*
```

Zima waifai wakati wa kupima. Simama barazani sekunde ishirini, andika. Simama sebuleni, andika. Ingia chumba kinachokusumbua, andika. Namba ni hasi, kwa hiyo −95 ni nzuri kuliko −115. Kila ikishuka kwa 10, nguvu imebaki moja ya kumi. Baraza ikiwa −99 na chumba −119, chumbani unapata sehemu moja tu katika mia ya unachopata nje.

Kwa 4G, juu ya −100 ni salama, kati ya −110 na −118 ni dhaifu, na chini ya −120 usitegemee kitu. Kwa 2G, juu ya −90 ni salama, na ikikaribia −105 simu inakatika. Kosa linalowapata wengi hapa ni kulinganisha namba ya 4G na ya 2G kana kwamba ni kipimo kimoja. Namba ya 4G hupimwa kwa kipande kidogo cha mawimbi, hivyo daima huonekana mbaya zaidi. 4G ya −105 inafanya kazi. 2G ya −105 iko mlangoni inaondoka.

2. Jua simu yako hushukia wapi. Rudi barazani. Zima waifai, washa data, hakikisha juu ya skrini pameandikwa 4G. Piga ile simu ya pili, ipokelewe, na wakati mnaongea tazama juu ya skrini. Maandishi yakibaki 4G, au ukiona VoLTE, sauti yako inapita 4G na huna tatizo la kushuka. Yakigeuka H, H+ au 3G, umeshushwa 3G. Yakigeuka E au G, uko 2G.

Jaribio hili la dakika moja ndilo linaloamua hatua inayofuata, kwa hiyo usiliruke. Watu wengi hubadilisha mipangilio kwa kubahatisha wiki nzima kwa sababu hawakutazama skrini wakati wanaongea.

Kama huduma kwa wateja walisema laini ina VoLTE lakini wewe unashushwa, ingia mipangilio ya laini hiyo utafute swichi yenye jina VoLTE, VoLTE calls au 4G Calling, uiwashe, kisha zima simu na kuiwasha.

3. Chagua aina ya mtandao kwa chumba, si kwa sifa. Kwenye Samsung ni Settings, Connections, Mobile networks, Network mode. Kwenye simu nyingine za Android ingia mipangilio ya laini yenyewe utafute Preferred network type. Kwenye iPhone ni Settings, Cellular, Cellular Data Options, Voice & Data; baadhi ya iPhone huandika Mobile badala ya Cellular.

Badilisha uende 3G tu, pima sehemu zile zile tatu, andika. Kisha 2G tu, pima, andika. Kama simu yako haina chaguo la 2G pekee, kwenye Android nyingi ukipiga namba hii unapata ukurasa wa majaribio. Fungua Phone information, kisha Set preferred network type, uchague GSM only:

```
*#*#4636#*#*
```

Sasa una namba sita au tisa kwenye karatasi na uamuzi unajionyesha wenyewe:

- VoLTE inafanya kazi na 4G ya chumbani ni bora kuliko −115: acha chaguo la kawaida lenye auto connect. Usiguse kitu.
- Hakuna VoLTE, 3G ya chumbani inashika vizuri: weka 3G/2G. Simu haitahitaji kushuka, itaita papo hapo. Utapoteza kasi ya data tu.
- Hakuna VoLTE, 3G haifiki, 2G inafika: weka 2G tu kwenye laini ya simu. Data ya 2G ni ya kutuma maandishi, si ya video, kwa hiyo data itoke kwenye laini ya pili au kwenye waifai.
- Hakuna kinachofika: nenda hatua ya 4, waifai ndiyo njia yako.

Onyo kubwa, na hili tunaliona sana: kuna watu wanaingia ukurasa huo wa majaribio kuweka LTE only, yaani 4G tu, ili intaneti iende kasi, kisha wanasahau. Bila VoLTE, simu iliyofungwa kwenye LTE only haiwezi kupokea wala kupiga simu ya kawaida hata ukiwa chini ya mnara. Mwenyewe anaona 4G imejaa, WhatsApp inakwenda, na anadhani watu hawampigii. Mtu akikuambia hupatikani siku mbili mfululizo, anza kukagua hapo.

Onyo dogo lakini la maana: Android za karibuni zina swichi inayoitwa Allow 2G. Ikizimwa, simu haina pa kushukia 3G inapokosekana. Kwa mikoa yetu iache imewashwa.

4. Washa simu za waifai. Huu ni utaratibu ambao simu ya kawaida, kwa namba yako ile ile, hupita kwenye intaneti ya waifai hadi kwa kampuni ya mtandao wako badala ya kupita mnarani. Anayekupigia hahitaji kuwa na intaneti wala programu yoyote. Hata mwenye simu ya tochi kijijini Nanyamba atakupata. Hapo ndipo inapotofautiana na simu ya WhatsApp.

Kwenye Samsung ni Settings, Connections, Wi-Fi Calling. Kwenye Pixel na Android zinazofanana nayo ni Settings, Network & internet, SIMs, chagua laini, Wi-Fi calling. Kwenye Redmi iko ndani ya laini kwa jina Make calls using Wi-Fi. Kwenye iPhone ingia Settings, Cellular, Wi-Fi Calling. Kwa Tecno, Infinix na itel menyu hubadilika toleo kwa toleo, kwa hiyo fungua Settings, gusa sehemu ya kutafutia iliyo juu, andika Wi-Fi calling. Ikiwa simu yako iko kwa Kiswahili, andika Wi-Fi tu na upitie majibu.

Una laini mbili? Swichi ni ya kila laini peke yake. Kuiwasha kwenye laini ya kwanza hakuiwashi ya pili.

Swichi isipoonekana kabisa, moja kati ya haya matatu ni kweli: kampuni ya mtandao haijawezesha laini yako, simu yako haikubali, au simu ililetwa kutoka nchi nyingine na programu yake haiutambui mtandao wa hapa. Hilo la tatu ni la kawaida kwa simu za mtumba. Weka laini yako kwenye simu nyingine yenye swichi hiyo. Ikitokea huko, laini ni nzima na tatizo ni simu.

5. Jaribu ukiwa umezima mnara kabisa. Swichi kuwa ya bluu hakuthibitishi chochote. Washa Airplane mode, kisha, ukiiacha imewashwa, washa waifai peke yake. Subiri dakika moja nzima. Juu ya skrini inapaswa kutokea alama ya simu yenye mawimbi, au maandishi VoWiFi au Wi-Fi Calling. Mwombe mwenzako akupigie. Ikiita, kila kitu kiko sawa kuanzia laini hadi ruta, na matatizo yatakayobaki ni ya mpangilio. Isipoita, usiendelee, nenda sehemu ya matatizo.

Kosa la kawaida ni kujaribu bila Airplane mode. Simu inapita mnarani, mtu anafurahi kwamba waifai imekubali, na usiku chumbani anakuta hola.

6. Weka ruta mahali pake. Sauti ya waifai ni nyepesi, takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo bando dogo linatosha. Kinachoiua si ukosefu wa kasi, ni mapengo. Pakiti zikichelewa na kukatikakatika, sauti inakuwa ya kigugumizi hata kama video ya YouTube inacheza, maana video hujiwekea akiba na mazungumzo hayawezi.

Kama ruta yako inatumia laini, iweke inaposhika mnara, yaani dirishani au barazani upande uliopima vizuri hatua ya 1, si chumbani ulipo wewe. Waifai ndiyo isafiri ndani. Tumia 2.4 GHz kuvuka kuta nene. 5 GHz hufia kwenye ukuta wa kwanza wa mawe. Kipimo rahisi: kaa chumbani ukiwa kwenye waifai, piga simu ya WhatsApp ya dakika tatu. Ikikatikakatika, simu ya waifai nayo itakatikakatika, na dawa ni kuisogeza ruta.

Laini ya ruta si lazima iwe ya mtandao ule ule wa namba yako. Kama pale kwako mtandao fulani ndio unaoshika vizuri, weka laini yake kwenye ruta na uendelee na namba yako ya zamani. Jambo hili ndilo linalowaokoa watu wengi ambao namba yao inajulikana na wateja wote na hawawezi kuibadilisha.

7. Weka kipaumbele. Ndani ya menyu ile ya Wi-Fi calling baadhi ya simu zina Calling preference. Chagua Call over Wi-Fi. Ukiacha upande wa mtandao wa simu, simu itang'ang'ania mnara dhaifu hadi upotee kabisa ndipo ihamie waifai, na katikati ya kung'ang'ania huko ndipo simu zako zinapopotea. Simu yako isipokuwa na chaguo hilo, ukiwa chumbani kwa muda mrefu tumia Airplane mode pamoja na waifai kama hatua ya 5. Kumbuka kuizima unapotoka.

8. Tembea ukiongea. Piga simu ukiwa chumbani kwenye waifai, kisha tembea hadi getini. Ikiendelea bila kukatika, VoLTE imeipokea sauti nje. Ikikatika mlangoni, huna VoLTE au 4G ya pale nje ni dhaifu, na hakuna mpangilio utakaoibadilisha. Maliza mazungumzo muhimu kabla ya kutoka.

Mfano mmoja hadi mwisho

Chukua nyumba ya mawe Mikindani, bati juu, chumba cha nyuma ambacho ukuta wake mmoja umeelekea kilimani. Mwenye nyumba ananunua samaki kwa simu, ana laini mbili, na anasema "4G ipo ila sipatikani". Karatasi yake ina namba hizi. Kwa 4G: baraza −98, sebule −109, chumba −118. Kwa 3G tu: baraza −91, sebule −103, chumba hakuna huduma. Kwa 2G tu: baraza −75, sebule −86, chumba −95. Alipopiga simu barazani, 4G iligeuka H+.

Soma karatasi hiyo. H+ inasema hana VoLTE na kila simu inashushwa 3G. Chumbani 3G haipo. Kwa hiyo simu ya chumbani inategemea kushushwa 3G, kukosa, kutafuta tena na kubahatika kufika 2G kabla muda haujaisha. Wakati mwingine inafika, ndiyo maana analalamika kwamba tatizo "linakuja na kuondoka". Wakati huo huo 2G iko pale chumbani, −95, dhaifu kidogo lakini inatosha kwa sauti.

Usiku huo huo alipaswa kufanya jambo moja: laini ya biashara iwe 2G tu, laini ya pili ibaki 4G kwa data. Simu zinaita mara moja kwa kuwa hakuna kushuka. Gharama yake ni kwamba kwenye simu nyingi laini moja ikiwa kwenye mazungumzo, ya pili haipatikani, na data yake inaweza kusimama mpaka umalize.

Wiki iliyofuata akaweka ruta ndogo ya laini kwenye dirisha la sebule, pale penye −101 kwa mtandao wa pili. Laini ya biashara ilikuwa na huduma ya simu za waifai, swichi ikawashwa, Airplane mode ikajaribiwa, ikaita. Hapo akairudisha laini ya biashara kwenye auto connect na kipaumbele kwenye waifai. Sauti ikawa safi kuliko ile ya 2G. Umeme ukikatika, anarudi 2G kwa kugusa mara tatu, na njia ya kufika huko kaiandika nyuma ya ile karatasi.

Ikikwama

Swichi imewashwa, alama ya VoWiFi haitokei. Zima VPN yoyote kwenye simu. Ingia pia Private DNS, ukikuta jina limeandikwa, weka Automatic. Hakikisha saa ya simu inajiweka yenyewe. Kisha unganisha simu kwenye hotspoti ya simu nyingine badala ya ruta. Ikikubali kwenye hotspoti na kukataa kwenye ruta, kosa ni la ruta: mawasiliano haya hutumia UDP namba 500 na 4500, na ruta au waifai ya ofisi inaweza kuwa imezifunga. Ndani ya ruta tafuta IPSec Passthrough uiwashe. Waifai ya hoteli au ofisi huwezi kuirekebisha wewe. Mpelekee mhusika wa tehama hizo namba mbili, atajua cha kufanya.

Unasikika, wewe husikii. Au kinyume chake. Mara nyingi ni ruta. Izime sekunde thelathini, iwashe. Ikirudia, sasisha programu ya ruta.

Menyu ya *150*00# au nyingine za pesa haifunguki ukiwa kwenye waifai. Menyu za namba hizo mara nyingi hutaka mnara. Zima Airplane mode, ifungue kwa 2G, au tumia programu ya huduma hiyo. Usirudie kutuma muamala kabla ya kukagua salio, maana menyu iliyokatika katikati haimaanishi pesa haikuondoka.

Betri inaisha upesi ukiwa ndani. Simu inayotafuta mnara dhaifu huongeza nguvu ya kutuma na kuruka huku na huku kati ya 4G na 3G. Kuifunga kwenye 2G, au Airplane mode pamoja na waifai, hupunguza hilo siku hiyo hiyo.

Fundi anakuuzia kifaa cha kuongeza mtandao. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuwa na idhini ya TCRA. Kisicho na idhini kinaweza kuvuruga mnara mzima wa mtaa wako na kuwanyima jirani hata kile kidogo walichokuwa nacho. Ruta dirishani inafanya kazi hiyo hiyo bila madhara.

Unapiga 112 kwa waifai. Taja mtaa na alama ya karibu mwanzoni kabisa mwa maelezo, kwa sababu simu ya waifai haionyeshi mnara uliopo.

Umeme umekatika. Ruta imekufa, na simu ikiwa Airplane mode hutajua kwamba hupatikani. Betri ndogo ya ruta ya volti 12 yenye uwezo wa takriban Wh 32 huibeba ruta inayokula wati 8 hadi 10 kwa kama saa tatu. Soma nyuma ya adapta kabla ya kununua: volti lazima zilingane, na ampea za betri zisiwe pungufu ya zilizoandikwa hapo. Mwenye faiba ana vifaa viwili, kile kiboksi cha faiba na ruta, na vyote vinahitaji umeme. Ukibeba kimoja hujabeba kitu.

Waifai imejaa, intaneti hakuna. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora nchini. Siku kama hiyo vijiti vya waifai hubaki vimejaa, kwa sababu vinapima nguvu ya mawimbi kati yako na ruta tu. Fungua ukurasa wowote. Usipofunguka, zima waifai kwenye simu, zima Airplane mode, weka 2G, na ukae upande wa dirisha uliopima namba nzuri.